Nimeandika "Ukuta 1,500,000", ripoti imerudishwa. Naombeni ushauri

Binti_Mbalizi
Habari za jioni wakuu. Mwezi uliopita lori lilikatika breki mteremko wa Iwambi, likaja kutulia kwenye ukuta wa duka la mama hapa Mbalizi. Ilikuwa alfajiri, hakuna aliyeumia. Dereva hakubisha, trafiki walishapima. Upande wa bima ya lori wakataka ripoti ya hasara, nikaandika ukurasa mmoja: ukuta 1,500,000, friji 1,400,000. Nikabandika profoma mbili na karatasi ya fundi. Imerudi na maneno mekundu: "Onyesha ulivyofikia kila kiasi." Fundi ndiye aliyeniambia milioni na nusu, sasa nionyeshe nini tena?

Kinyozi_wa_Mwanjelwa
Hao wanataka usumbuke ukate tamaa. Tafuta profoma tatu, chukua ya juu kabisa. Watakata tu, bora wakate wakianzia juu.

Fundi_Sanifu
Profoma tatu ni sawa, ila hilo la kuchukua ya juu ndilo linalochelewesha watu. Mkadiria hasara akikuta bei moja imevimba, anaanza kuzitilia shaka na zile za kweli.

Dada, karatasi ya fundi ina kosa moja: imetaja jumla bila vipimo. Pima sehemu iliyobomoka. Imekuwa urefu gani?

Binti_Mbalizi
Mita 4, kwenda juu 2.5. Tofali za saruji za inchi 6.

Fundi_Sanifu
Basi ni mita za mraba 10. Tofali hizo zinaingia kama 9 kwa kila mita ya mraba ukihesabu na udongo wa katikati, kwa hiyo 90. Ongeza 5 za kuvunjika njiani, na uandike kwamba umeongeza 5 kwa sababu hiyo. Umefika 95. Plasta ni pande mbili, kwa hiyo mita za mraba 20, si 10. Wengi wanasahau hapo na kujipunja wenyewe. Saruji, mchanga na ufundi kila kimoja mstari wake, na pembeni ya kila mstari andika bei imetoka kiambatisho namba ngapi. Profoma zako zinasemaje kuhusu tofali?

Binti_Mbalizi
Moja 1,600, nyingine 1,800. Nilichukua ya 1,600 nisionekane nina tamaa.

Fundi_Sanifu
Angalia chini kabisa ya ile ya 1,600. VAT imo au haimo?

Binti_Mbalizi
Duh. "Bei kabla ya VAT." Ile ya 1,800 imeandikwa VAT imo.

Fundi_Sanifu
1,600 ukiweka asilimia 18 inakuwa 1,888. Kumbe ya 1,800 ndiyo rahisi. Tofali 95 mara 1,800 ni 171,000. Andika na sababu ya kuliacha duka la kwanza, sentensi moja inatosha.

Parachichi_Njombe
Mimi ng'ombe wa jirani waliingia shambani, wakavunja miche ya parachichi 40. Na mimi nihesabu kwa mita za mraba?

Fundi_Sanifu
Hapana kaka, miche inahesabiwa kwa mche na umri wake. Mwite afisa kilimo wa kata aione kabla hujang'oa. Fungua uzi wako, tusimpoteze dada.

Mama_Soko_Matola
Mwanangu, friji je? Lilikuwa jipya?

Binti_Mbalizi
Hapana mama, tulilinunua miaka minne iliyopita. 1,400,000 ni bei ya jipya la aina hiyohiyo leo.

Mama_Soko_Matola
Hapo ndipo waliponibana mimi duka lilipoungua. Hawakulipi jipya kwa kuukuu.

Fundi_Sanifu
Mama kasema kweli. Sema wazi: bei ya jipya 1,400,000 kwa profoma, nimekadiria friji la dukani linadumu miaka 8, limetumika 4, limebaki nusu, yaani 700,000. Toa thamani ya chuma chakavu. Kama mnunuzi wa skrapa anatoa 50,000, muombe akuandikie, unabaki na 650,000. Hiyo miaka 8 ni makadirio yako, iandike hivyo. Wakibisha, mtabishania miaka, si friji zima.

Kinyozi_wa_Mwanjelwa
Na rangi? Ukipaka kipande tu ukuta utakuwa kama nguo yenye kiraka.

Fundi_Sanifu
Hilo wanabishana kila siku. Mimi huandika mistari miwili, kipande kilichobomoka na ukuta mzima, halafu naweka picha ya rangi ya zamani ilivyopauka. Wengine wanakubali, wengine hawakubali.

Binti_Mbalizi
Ndaga fijo wote. Nimetoka kupima upya sasa hivi. Kuna ufa umetoka kwenye shimo mpaka dirishani, kama mita moja na ushee. Huo nauhesabu kwenye ukuta au plasta?

Fundi_Sanifu
Usiuguse. Weka tepu juu yake upige picha, kisha fundi abandue plasta kidogo mbele ya mkadiria. Tofali ikiwa imekatika, ni ukuta. Ikiwa nzima, ni plasta tu.