Naomba ushauri: natafsiri maelezo ya sprinkla na alamu ya moto, DN 25 na presio vimenichanganya

MutafsiriLushi
Wandugu jambo. Niko Lubumbashi, batu ba depo moja ya bintu bya plastiki walinipatia maelezo ya kufunga sprinkla na alamu nitafsirie mafundi wao. Maandishi ni Kifaransa ila tablo za nyuma ni Kingereza, njo shida ilianzia pale. Paliandikwa DN 25, miye nikaandika "tiyo ya milimita 25", jana fundi ananiita kwa simu amepima tiyo ya chuma waliyoleta anapata milimita 33 na kitu, anasema ni mbaya zote zirudi Kasumbalesa! Halafu kichwa cha sprinkla kwa Kifaransa ni K 80, mu tablo ni K 5.6 na presio 7. Ni vichwa viwili ao? Na ile detektere ya joto niliiita "kipima joto". Munisaidie, wanaanza kufunga siku ya ine.

Plombye_Bkv
Fundi ana haki, 25 ni 25. Hapa Bukavu tunanunua PVC 25 kila siku na ukipima nje unapata 25 kamili. Mwambie arudishe.

MzeeVane
Plombye mdogo wangu, kwa PVC umesema kweli maana ile inaitwa kwa upana wa nje, lakini tiyo ya chuma haiitwe vile. DN 25 ni jina tu, njo ile ile inchi 1, na nje yake ni karibu 33.7. Kwa hiyo tiyo ni nzuri, asirudishe kitu. Na hiyo PVC yako ya 25 ni kama inchi 3/4, akiiweka pale maji itapungua, tena PVC ya kawaida haifungwe kwa sprinkla, moto unaiyeyusha.
Wee mutafsiri, usigeuze DN kuwa milimita hata siku moja. Andika "tiyo ya chuma DN 25, yaani inchi 1" ukomee pale.
Sasa K. Ni kichwa kimoja, vipimo njo viwili. K ni namba ya kichwa, Q ni maji inayotoka kwa dakika, P ni presio. Kanuni ni hii:

```
Q = K × √P
```

K 80 inaenda na bare na inatoa litri kwa dakika, K 5.6 inaenda na psi na inatoa galoni za Amerika. Chukua 7 yako: ni psi, mzizi wake ni 2.65, mara 5.6 unapata galoni 14.8, ni litri 56. Upande wa pili, psi 7 ni bare 0.48, mzizi ni 0.69, mara 80 ni litri 55. Unaona vimekutana. Ukichanganya K 5.6 na bare 0.48 ukidhani ni litri utapata karibu litri 4, hata robineti ya jikoni inatoa zaidi ya ile, njo utajua umekosea.

MutafsiriLushi
Yesu wangu, miye niliandika "presio 7 bare"!

MzeeVane
Rekebisha leo leo. Bare 7 ni sawa na tanki iliyo metre 70 juu ya kichwa, watamuuzia patron pompe kubwa bure. Na uongeze maneno "pa kichwa, maji ikiwa inatoka". Fundi akisoma manometre pa pompe maji imetulia ataona namba nzuri, halafu ukifungua maji sindano inaanguka, kwa sababu tiyo na viwiko vinakula presio njiani.

MamaMalewa_Goma
Na miye nisaidieni hapo kwa detektere. Yangu iko mu kikoni ya malewa, kila nikikaanga sambaza inalia, wateja wanatoka mbio. Ninaifunika na sashe.

SuderGoma
Mama Malewa, ile yako ni ya moshi, jikoni wanaweka ya joto. Toa sashe, ukisahau siku ya moto haitalia. Na Mutafsiri njo uone hapo kosa la "kipima joto": fundi atafikiri ni termometre ya kusoma. Andika "kitambuzi cha joto". Kisha angalia vizuri karatasi, kuko ile inalia joto likifika kipimo fulani, na kuko ile inalia joto likipanda mbio hata kama halijafika. Ya pili juu ya fuuru inaweza kulia bure, fuuru ikifunguliwa tu.

MutafsiriLushi
Aksanti sana. Ziko za aina zote mbili, nitazitenganisha. Imebaki moja: kwa santrali ya alamu kuko taa nyekundu ya moto na taa ya njano ya "defo", maana yake waya umekatika ao batri imekufa. Niliandika "hitilafu".

Plombye_Bkv
Mulinzi wa usiku hajui hitilafu. Andika "defo" tu.

MzeeVane
Miye ningeandika "mashini inagonjwa, hakuna moto".

SuderGoma
Hapana mzee, "hakuna moto" ni hatari. Waya ukikatika moto unaweza kuwa upande ule na santrali haioni kitu.

MutafsiriLushi
Kweli kabisa. Kesho nitaenda pa depo niulize balinzi wenyewe wanaiita nini.