Acheni kubandika jedwali la Linnaeus na kuliita sayansi!

Mleta mada (KalamuNzito):
Wakuu, nimechoka. Kila mjadala wa rangi za watu ukianza, lazima atokee mtu abandike lile jedwali la makundi manne la Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Sweden, na kusema "sayansi ilishamaliza." Imemaliza nini? Mnajua lilivyotengenezwa?

Mwaka 1735, akiwa Uholanzi, Linnaeus alichapisha toleo la kwanza la Systema Naturae, kitabu chake cha kupanga viumbe katika makundi. Binadamu walipata mistari minne tu: Mzungu mweupe, Mmarekani mwekundu, Mwasia wa kahawia, Mwafrika mweusi. Hapo hakuwachunguza watu ndipo akayaona makundi. Alianza na mabara manne ya ramani za Ulaya, kisha kila bara akalitafutia rangi. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika, Asia wala Amerika. Alitegemea masimulizi ya wasafiri.

Uozo wenyewe uko kwenye toleo la 10 la mwaka 1758. Humo alichomeka tiba ya kale ya Wagiriki, ile iliyodai mwili unaendeshwa na majimaji manne. Mzungu akapewa damu, Mmarekani nyongo ya njano, Mwasia nyongo nyeusi, Mwafrika kohozi. Majimaji manne, mabara manne, hesabu ikakaa sawa kwa sababu yeye ndiye aliyeikalisha. Kisha akaongeza tabia, mavazi na utawala: Mzungu ni mbunifu, anavaa nguo za kubana na anatawaliwa kwa taratibu, Mwafrika ni mvivu, anajipaka mafuta na anatawaliwa kwa matakwa ya mtu. Tangu lini nguo ikawa kiungo cha mwili?

Na huyo Mwasia wa kahawia wa 1735, kufikia 1758 kageuka wa manjano. Waasia hawakubadilika ngozi ndani ya miaka 23. Kilichobadilika ni neno kwenye karatasi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kwenye mimea mtu huyu alikuwa makini mno. Alihesabu stameni za ua moja baada ya nyingine, na mwaka 1751 aliwaonya wanafunzi wa mimea wasitegemee rangi kutofautisha spishi, kwa kuwa inabadilikabadilika ndani ya spishi ileile. Alipofika kwa binadamu, akaanza na rangi!

Mzee wa Hoja:
Mkuu, nakuunga mkono, ila hapo mwisho umemwonea. Onyo lake lilihusu spishi. Binadamu wote aliwaweka kwenye spishi moja, na yale makundi manne ni aina ndani ya spishi hiyo. Kwa kanuni zake, rangi inaruhusiwa kutenganisha aina. Mbane kwenye nguo na utawala, hapo hana pa kutokea.

KalamuNzito:
Sawa, nakubali kuhusu spishi. Lakini hata aina inahitaji mpaka. Ukitoka Misri ukapanda na Nile hadi Uganda, ngozi zinakolea kidogo kidogo. Niambie ni kijiji gani weusi unaanzia.

Binti Pwani:
Mimi niko Marekani, huku kwenye fomu nimekuta neno "Caucasian". Nalo ni la Linnaeus? Halafu nikipima DNA nitajua niko kundi gani kati ya manne?

Mzee wa Hoja:
Hapana dada, hilo lilienezwa na Blumenbach, mtaalamu wa anatomia wa Göttingen, Ujerumani, kwa kitabu chake cha 1795. Alikuwa na makundi matano, na la Wazungu akaliita kwa milima ya Kaukazi. Alikuwa na fuvu la mwanamke wa Georgia, aliyetekwa vitani na kufia Moscow. Aliliona zuri kuliko yote aliyokusanya, akaliweka katikati, Mmongolia na Mwethiopia, jina alilowapa Waafrika weusi, akawaweka pembeni kabisa, kisha Mmarekani kati ya Mzungu na Mmongolia, na Mmalei kati ya Mzungu na Mwethiopia. DNA haitakupa kundi la Linnaeus. Inalinganisha vinasaba vyako na vya watu waliokwishapimwa, basi.

Chuma cha Reli:
Kwa hiyo Blumenbach ndiye baba wa ubaguzi. Alisema Waafrika ni spishi nyingine.

Mzee wa Hoja:
Hajasema hivyo. Aliandika kwamba aina za watu zinaingiliana kiasi kwamba huwezi kuweka mipaka, na akakusanya vitabu vya waandishi weusi kuwajibu waliodai Mwafrika hana akili. Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Ghana ya leo aliyefundisha vyuo vikuu Ujerumani, alikuwa mmoja wa mifano yake.

KalamuNzito:
Na bado akachapisha makundi matano yenye majina! Uzuri wa fuvu unapimwa kwa rula gani? Alishaandika kwamba mipaka haipo, akaichora, na waliomfuata wakabeba mchoro wakaacha onyo. Kwangu na yeye ana kesi.

Mzee wa Hoja:
Kesi anayo. Ila usimpe hukumu moja na Linnaeus. Mtafutie kwenye lile kundi la Waethiopia mahali alipoandika "mvivu" kama Linnaeus alivyoandika, kisha tuendelee.