100 + 50 kwenye biti 8: -106 yangu imekwenda wapi?

mwanagenzi_chumbageni
Wakuu habari za jioni. Nipo Tanga mjini, najifunza C mwenyewe nikitoka kazini. Nimefika kwenye namba za biti 8 zenye alama, zile za kuanzia -128 hadi 127. Nimejumlisha 100 na 50 kwa mkono: 01100100 na 00110010, nikapata 10010110. Biti ya kushoto kabisa ni 1, kwa hiyo jibu ni hasi, na 150 ukitoa 256 unapata -106. Nikaandika hivi:

```c
int8_t a = 100, b = 50;
int8_t c = a + b;
printf("%d\n", a + b);
printf("%d\n", c);
```

Mstari wa kwanza umetoa 150, wa pili -106. Hesabu si ile ile? Naombeni msaada, mdogo wangu ananisubiri nimwelekeze na sitaki kumpa kitu nisichokielewa.

Shomari_Ngamiani
Ndugu, 150 ndiyo sahihi. Baiti inabeba mpaka 255, kwa hiyo hapo hakuna kilichofurika.

Bi_Zuhura
Shomari, 255 ni ya baiti isiyo na alama. Yeye kaandika `int8_t`, kikomo chake ni 127.

Mdogo wangu, hesabu yako ya mkono haina kasoro. Ila C haijumlishi kwa biti 8 kama ulivyofanya wewe. Kabla ya kugusa alama ya kujumlisha, inazipanua `a` na `b` zote mbili ziwe `int`, ambayo kwenye kompyuta yako ni biti 32. Humo 150 inaenea bila shida, na `printf` ya kwanza inakuonyesha hiyo hiyo. Kukatwa kunatokea pale unapoiweka kwenye `c`: zinabaki biti 8 za mwisho, na zikisomwa kwa alama ni -106. Jaribu kuchapisha `(int8_t)(a + b)`, utaipata -106 bila hata kuwa na `c`.

KaskaziMtupu
Mimi nasema -106 umeipata kwa bahati tu. Namba zenye alama zikifurika, C haikuahidi chochote. Usijenge juu yake.

Bi_Zuhura
Kaka, hilo ni kweli `int` yenyewe ikifurika. Hapa kujumlisha hakukufurika. Kilichofuata ni kubadili 150 kuwa `int8_t`. Hapo C inamwachia mtengeneza kompaila aamue na aandike alichoamua. GCC wameandika wazi kwamba wanapunguza kwa 256 mpaka namba ienee. Huo ni uamuzi, si bahati.

KaskaziMtupu
Sawa, lakini akihamia kompaila nyingine lazima asome upya. Hapo sirudi nyuma.

mwanagenzi_chumbageni
Shukrani dada. Kumbe ndiyo maana `if (a + b < 0)` haikunasa kitu! Sasa nitajuaje kwamba imefurika?

Bi_Zuhura
Ikague kabla haijakatwa. Weka jumla kwenye `int`, kisha uliza kama iko chini ya -128 au juu ya 127. Ukishaikata, kuna dalili moja: chanya mbili zimezaa hasi, au hasi mbili zimezaa chanya au sifuri. Chanya na hasi zikijumlishwa hazifuriki kamwe. Pia washa `-Wconversion`, itakuonya kwenye ule mstari wa `c`. `-Wall` peke yake itanyamaza.

fundi_pongwe
Samahani naingilia. Nina kipima joto cha banda la vifaranga, kinachukua vipimo 8 na kutoa wastani. Bandani ni nyuzi 28, chenyewe kinasoma -4, na taa haizimiki. Nimebadilisha kihisi, hali ni ile ile. Hii inahusiana?

Bi_Zuhura
Inahusiana sana, fundi. Nahisi jumla inatunzwa kwenye `int8_t`. Vipimo vinne vya 28 ni 112, salama. Cha tano kinafanya 140, kinakatwa kuwa -116. Endelea: -88, -60, -32. Gawanya -32 kwa 8 upate -4. Wastani wa vipimo viwili tu usingeharibika, maana `(x + y) / 2` inafanyika ndani ya `int`; kinachoua ni kuirudisha jumla kwenye biti 8 kila mara.

Pima hivi: joto likitulia 33, mara 8 ni 264, ukitoa 256 inabaki 8, wastani 1. Kikisoma 1, kihisi ni kizima. Jumla ibadilishwe iwe `int16_t`.

fundi_pongwe
Kimesoma 1 kweli! Ila programu yenyewe sina, niliikuta imeshachomwa kwenye chipu na aliyeiandika hapatikani. Kuna namna ya kuirekebisha bila kuandika upya?

Shomari_Ngamiani
Na mimi nasubiri jibu la hilo. Kwa sasa zima taa kwa mkono, vifaranga wasije wakaungua.

Bi_Zuhura
Fundi, tuambie kwanza ni chipu gani, soma maandishi ya juu yake. Mimi ningeandika upya.