Mrejesho: bei ya mkate na furnisere wa kantini, Lubumbashi

«Nilifunga bei ya mkate kwa miezi 12, senti 20 za dola. Sasa unga umepanda sana. Nimwombeje furnisere wa kantini ninayemuokea tubadilishe bei?»

Aksanti sana kwa wote mlionijibu. Yule aliyenikumbusha kifungu cha 33 cha sheria ya mapatano, kwamba mkataba ni sheria kwa walioufunga, aliniokoa. Nilikuwa karibu kumwandikia furnisere «nina haki». Nikaandika barua ya kuomba, na mikate nikaendelea kupeleka.

Niliambatisha fakitire mbili za depo ileile, za mfuko uleule wa kilo 50: ya mwezi tuliposaini, dola 30, na ya sasa, dola 42. Chini yake, hesabu: mfuko mmoja unanipa mikate 300, kwa hiyo dola 12 zilizozidi ni senti 4 kwa kila mkate. Kuni na chachu sikuzitia, maana sikuwa na karatasi zake.

Alishika zile fakitire, akatazama mihuri, akapiga simu depo palepale. Kisha akakubali senti 3, kwa miezi mitatu, kwa mikate ijayo tu. Hasara ya miezi miwili iliyopita alikataa kabisa, na hiyo imebaki kwangu.

Tumesaini nyongeza ya mkataba. Nilifuata pia shauri la kuandika kwamba unga ukishuka bei irudi; naamini hilo ndilo lililomlegeza.