Faili la kazi halifunguki, niripoti nini?

Kijana wa Majengo
Wakuu, habari za usiku. Niko Moshi, nafanya kazi za mtandaoni za kunukuu sauti. Unapewa faili la zipu, ndani kuna vipande vya sauti, unaandika kinachosemwa. Nimechukua moja leo, maelezo yake yanasema faili lina MB 38. Nikibofya naletewa hii:

```
Windows cannot open the folder.
```

Kitufe cha kuripoti kipo, ila ukiripoti hovyo wanakushusha alama, na ukikaa kimya muda wa kazi unaisha. Niwaandikie nini?

Mzee wa Ngarenaro
Weka WinRAR, ina sehemu ya Repair. Mimi imeniokoa mara nyingi.

Mama Sakina
Poleni. Mwanangu alituma wasifu wake kwenye ofisi moja hapa Arusha, wakamwambia haufunguki. Kumbe alichoambatisha ni ile njia ya mkato ya kwenye desktop, faili lenyewe limebaki nyumbani.

Fundi Njiro
Mama, hiyo ni ya mtumaji, mwenzetu ni mpokeaji. Kijana, usiripoti kwanza. Bofya kulia, nenda Properties, utuambie ukubwa.

Kijana wa Majengo
KB 14.

Fundi Njiro
Basi hilo hata zipu si zipu, ni kitu kingine kimepewa jina la zipu. Repair ya Mzee inasaidia zipu iliyoharibika, hapa haina cha kutengeneza. Lifungue kwa Notepad uone mwanzo wake. Zipu ya kweli huanza na herufi `PK`, halafu takataka zisizosomeka. Ukikuta `<!DOCTYPE html>`, umeshusha ukurasa wa wavuti.

Kijana wa Majengo
Ni html kweli, na chini naona "Sign in". Ukurasa wa kazi ulikuwa wazi tangu mchana.

Fundi Njiro
Muda wako wa kuingia uliisha, kiungo kikakupeleka kwenye ukurasa wa kuingia, kompyuta ikauhifadhi kwa jina la faili. Ingia upya, shusha tena. Ungeripoti hilo, wao wangelifungua kwao bila shida na wewe ungeonekana msumbufu.

Kijana wa Majengo
Asante mkuu, sasa imekuja MB 38 na imefunguka. Ila kuna vipande 12, na cha 7 hakitoi sauti hata kwa VLC. Ukubwa wake ni baiti 44. Nijaze tu "haisikiki" niendelee?

Fundi Njiro
Hapana! "Haisikiki" maana yake mtu kaongea, wewe hukumsikia. Hapa hakuna aliyeongea. Baiti 44 ndiyo ukubwa wa kichwa cha kawaida cha faili la WAV: maelezo ya aina ya sauti yapo, sauti yenyewe sifuri.

Sasa hakikisha kosa si la bando lako. Kwa 7-Zip, bofya kulia kwenye zipu, chagua Test archive. Ikisema `There are no errors`, kipande kilikuwa kitupu tangu kinapakiwa, hata ukishusha tena usiku kucha hakibadiliki.

Kijana wa Majengo
Imesema hivyo hivyo, hakuna kosa.

Mzee wa Ngarenaro
Kuna tovuti za kurekebisha sauti bure, kipandishe huko.

Fundi Njiro
Mzee, sauti haimo, watarekebisha nini? Tena hizo ni sauti za watu, na kazi nyingi za namna hii zina masharti ya siri. Ukipandisha kwingine unaweza kufungiwa akaunti.

Kijana, ripoti iwe fupi, kwa Kiingereza chao, ila iwe na haya: "Kazi namba fulani. Zipu imeshuka nzima, MB 38, na imepita jaribio la 7-Zip. Vipande 11 vinacheza. `clip_07.wav` kina baiti 44, kichwa tu, hakina sauti. Nimejaribu VLC. Nimeshusha saa 22:10, UTC+3. Naomba kipande kipya au maelekezo ya kukiruka." Weka jina la faili kama lilivyo na picha ya Properties. Na saa uandike hivyo hivyo 22:10. Ukiandika saa 4 watatafuta kwenye kumbukumbu zao za alfajiri.

Kijana wa Majengo
Nimetuma. Hivyo 11 nivikabidhi sasa au nisubiri jibu?

Fundi Njiro
Vinukuu uvihifadhi, usibonyeze kukabidhi. Kuna majukwaa ukishakabidhi kazi inafungwa, hata kipande kipya kikija huna pa kukiweka.

Binti Pasua
Mimi nilisubiri hivyo hivyo, muda ukaisha, kazi akapewa mwingine na sikulipwa hata nusu. Bora ukabidhi, uandike kwenye sehemu ya maoni.

Fundi Njiro
Inategemea sheria za jukwaa, dada. Kijana, muda umebaki kiasi gani?

Kijana wa Majengo
Mpaka kesho saa sita mchana.

Binti Pasua
Basi saa tano kama hawajajibu, kabidhi.