Ripoti ya endoskopi imetoka, bima wamenirudishia fomu

Rehema, Kisaasi: Habari zenu wana kundi. Kuna mtu ameshapambana na bima ya kazini hapa Kampala mambo ya endoskopi? Nimefanyiwa juzi, leo bima wamenirudishia fomu ya madai eti ripoti haijataja ugonjwa kamili, nisubiri majibu ya bayopsi, na hospitali nao wanasema majibu hayo hayatoki mpaka maabara ilipwe. Sasa nani aanze?? Ripoti inasema umio hauna tatizo, kuna wekundu kidogo huku chini ya tumbo kwenye antramu, gastraitisi ndogo, hakuna kidonda, vipande vimechukuliwa kuangalia H-pailori. Kwani huyo mdudu ninaye au sina? Nianze dawa?

Baba Kevo, Ntinda: Pole dadangu. Hiyo ni pailori tu, wakishaandika gastraitisi ujue iko. Mimi walinidunga kidole nikaambiwa ninayo, nikameza antibayotiki wiki mbili, mwaka mzima baadaye nikadungwa tena bado inasoma ipo! Haiishi hiyo. Nunua dawa uanze.

Salma, Mengo: Baba Kevo wacha kumtia mtu presha. Kipimo cha kidole kinatafuta askari wa mwili waliopigana na mdudu, na hao wanabaki kwenye damu muda mrefu hata mdudu akishakufa, kwa hiyo wewe hujui kama bado unaye ama ulipona zamani. Ungepimwa choo, ile ya antijeni.

Rehema, ulichosomewa ni macho ya daktari tu. Ameona wekundu. Wekundu unaweza kuletwa na diklofenaki, pombe, nyongo ikirudi juu, na mara nyingine kwenye hadubini hakuna hata uvimbe. Na kuna watu tumbo lao linaonekana safi kabisa kwenye kamera na mdudu amejaa. Kuandika vipande vimechukuliwa *kuangalia* pailori maana yake hajui bado. Je, ulikuwa unameza omeprazoli? Vipande wametoa wapi?

Mzee Kitwana, Jinja: Wanangu, mimi nilipatwa na vidonda vya tumbo nikiwa Tanga, nikaacha pilipili na chai ya rangi. Huku Jinja nakula matoke, laini, lakini tumbo halishibi mambo yake, nawaza samaki wa kupaka. Rehema unakula pilipili?

Rehema: Shikamoo mzee, pilipili nakula sana lol. Dada Salma, omeprazoli nilikuwa nameza kila siku mpaka jana yake, hakuna aliyeniuliza. Vipande viwili vyote antramu. Kimoja walikichomeka kwenye kijibati chenye jeli ya njano, wakaniambia ikigeuka waridi ndio ninaye, haikugeuka. Cha pili ndio kimekwenda maabara. Kwa hiyo sina?

Salma: Marahaba ni yake mzee mimi nakwenda kwenye jambo. Rehema hapo sasa ndipo penyewe. Mdudu yule anatengeneza amonia, ndiyo inayogeuza ile jeli. Omeprazoli inawapunguza na waliobaki wanahamia juu, kwenye mwili wa tumbo, wanaikimbia antramu. Wewe umetolewa vipande kule kule walikohama! Jeli ingegeuka waridi ningekuambia unaye bila shida. Kubaki njano hakukwambii kitu. Hata cha maabara kikirudi hakuna, usikiamini peke yake. Utaacha omeprazoli wiki mbili (kiungulia kikikusumbua tumia zile za kutafuna), na kama umemeza antibayotiki ya chochote mwezi upite, halafu upime choo au pumzi. Antibayotiki za kubahatisha usianze, klarithromaisini huko mitaani inaliwa kama njugu, wadudu wameshaizoea. Ila ukiona choo cheusi kama lami au unatapika damu usisubiri majibu, kimbia hospitali.

Baba Kevo: Sawa daktari 🙄 mimi nilisema tu kilichonipata. Na hiyo choo nitaipima, lakini nilipe na nini, bima ya huku inakataa, ya kwetu Kenya tangu NHIF ikuwe SHA siwaelewi kabisa. Jumuiya ya Afrika Mashariki wanatuimbia soko la pamoja, ukivuka Busia kadi yako haina maana.

Salma: Mimi ni nesi, si daktari. Na ukapime.

Mzee Kitwana: Marahaba Rehema. Hiyo Jumuiya ya 1967 ilikufa 1977 tukiangalia, hii nayo tuone. Mkono wa pilipili upunguze.

Rehema: Asanteni. Dada Salma nitamwonyesha daktari hii ya omeprazoli kabla hajaniandikia kitu. Sasa maabara naitoa pesa mfukoni halafu bima wanirudishie, au kuna fomu nyingine?

Baba Kevo: Mzee hao samaki wa kupaka, pale Kabalagala kuna mama wa Mombasa anapika Ijumaa, nikutumie namba?