Mmiliki kafuta daftari letu la asali kwenye Drive, nani anaweza kulirudisha?

KatibuWaMizinga (Sikonge, Tabora)
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada, nina presha.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji nyuki. Daftari letu la makusanyo liko kwenye Google Sheets: jina la mwanachama, ndoo alizoleta, ndoo zilizolipwa na deni. Alilianzisha kijana mmoja aliyekuwa anajitolea kwetu, kwa Gmail yake binafsi, akatupa mimi na mweka hazina ruhusa ya kuhariri. Mwaka huu kahamia Mwanza.

Jana tarehe 26 nafungua folda, daftari halipo. Mara ya mwisho nililitumia tarehe 5. Kumpigia, anasema simu ilimwambia nafasi imejaa, akafuta "vitu vya zamani". Siku hakumbuki. Hana ubaya, ila tuna malipo Jumamosi na wanachama 43 wanasubiri hesabu.

Mimi ni editor, nimeangalia Trash yangu, tupu. Je, naweza kulirudisha mwenyewe au mpaka yeye?

BabaKaliua
Mwangaluka katibu. Usihangaike, mtu yeyote mwenye ruhusa ya kuhariri anaweza kurudisha. Unaingia sehemu ya vilivyofutwa, unabonyeza kurudisha, kwisha. Sisi ofisini tunafanya hivyo kila siku.

KatibuWaMizinga
Baba nimeangalia kwenye simu na kwenye kompyuta ya stationery. Hakuna kitu.

mpiga_picha_TBR
Pakua app za kurudisha vilivyofutika, ziko nyingi Play Store. Mimi nilirudisha picha za harusi nzima kwenye memori kadi.

FundiUjiji
Mpiga picha, hiyo ni kadi ya simu. Faili la katibu halijawahi kukaa kwenye simu yake, liko kwa Google. App ya namna hiyo itamjazia matangazo tu.

Baba Kaliua, nadhani ofisini kwenu mnatumia Dropbox. Huko ni kweli, mwenye ruhusa ya kuhariri folda ya pamoja anaweza kurudisha kilichofutwa humo. Google Drive ya Gmail za kawaida haiendi hivyo. Faili lina mwenye mali mmoja, na akilitupa linaingia kwenye kapu lake yeye. Ndiyo maana kapu la katibu ni tupu. Hata uwe editor wa miaka mitano, kitufe cha Restore hutakiona.

Sasa katibu, usikimbilie Restore kwanza. Kuna jambo la haraka zaidi. Kijana kafuta kwa sababu nafasi ilimjaa, sivyo? Gmail ya bure ina GB 15 kwa barua pepe, picha na Drive kwa pamoja, na faili lililoko kapuni bado linahesabiwa. Kwa hiyo ataona amefuta na nafasi haijaongezeka. Hatua yake inayofuata unaijua: atabonyeza Empty trash. Akishabonyeza hiyo, hapo ndipo mtalia.

Mpigie SASA HIVI umwambie asiguse kapu. Halafu rudi hapa.

KatibuWaMizinga
Nimempigia. Anasema kweli alikuwa anashangaa kwa nini nafasi haijaongezeka 😩 Hajabonyeza. Ila yuko safarini, bando hana, atashika kompyuta kesho kutwa.

FundiUjiji
Mungu mkubwa. Basi kesho kutwa usiisubiri mikono mitupu.

Faili likiwa kapuni kwa mwenyewe, linapotea kwenye folda na kwenye orodha yako, lakini halijafa. Mliopewa ruhusa bado mnaweza kulifungua kwa kiungo chake cha moja kwa moja, mpaka litakapofutwa kabisa. Utaona ujumbe kwamba liko kwenye kapu la mmiliki. Hapo unatengeneza nakala, na nakala inakuwa mali yako.

Kazi ni kukipata kiungo. Cha folda hakitakusaidia, nataka cha faili lenyewe. Kama uliwahi kulifungua kwenye kompyuta, ingia historia ya kivinjari (Ctrl+H) utafute:

```
docs.google.com/spreadsheets
```

Usipokipata, tafuta jina la daftari kwenye Gmail yako, ile barua iliyokuja siku alipokupa ruhusa ina kiungo ndani. Au rudi nyuma kwenye grupu lenu la WhatsApp, watu hubandika viungo humo wakasahau.

MamaDagaa_Kibirizi
Fundi shikamoo. Mimi yangu yanafanana. Mwenyekiti wetu wa wachuuzi wa dagaa alifuta folda nzima ya kikundi, na orodha yangu ya bei ikaenda nayo. Hiyo orodha niliitengeneza mimi mwenyewe na kuiweka humo. Mwenyekiti anasema kwenye kapu lake haionekani. Ndiyo imeshakufa?

FundiUjiji
Marahaba mama. Yenu hayafanani, na wewe una bahati zaidi. Folda ni ya mwenyekiti, orodha ni yako. Kufuta folda yake hakufuti mali yako, kunaiacha bila makazi tu. Ingia Drive kwa akaunti ileile uliyoitengenezea, juu kwenye kutafuta andika:

```
is:unorganized owner:me
```

Ikitokea, ihamishie kwenye folda yako mwenyewe.

MamaDagaa_Kibirizi
Ipo!! Na nyingine mbili za mwaka juzi ambazo hata sikuzikumbuka. Jamani. Mwenyekiti nilishamsema vibaya gulioni.

KatibuWaMizinga
Hongera mama. Mimi historia ya simu haina kitu, nimeipata kwenye WhatsApp ya mweka hazina, aliibandika mwezi wa tatu. Inafunguka! Deni la kila mtu liko palepale. Sasa nibonyeze wapi?

FundiUjiji
Tumia kompyuta kama ipo karibu. File, halafu Make a copy. Badilisha jina, chagua folda yako, na kama mlikuwa mnaandikiana maoni pembeni ya seli, weka tiki ya kunakili comments, bila hiyo hayaji. Historia ya mabadiliko haiji kabisa: kwenye nakala hutaona nani alibadilisha deni la nani mwezi uliopita. Kama kuna ubishi wa aina hiyo kikundini, ndiyo sababu bado tunamhitaji kijana arudishe la asili.

Swali: ndoo mnaziingiza kwa mkono au kuna fomu?

KatibuWaMizinga
Ipo fomu. Wapokeaji vituoni wanajaza kwa simu, inaingia kwenye karatasi ya kwanza. Safu za malipo na deni najaza mimi kwa mkono.

FundiUjiji
Nilihofia hivyo. Ukinakili daftari lililounganishwa na fomu, Google inakutengenezea na nakala ya fomu. Utaona fomu mpya kwenye Drive yako. Lakini wapokeaji wako wana kiungo cha fomu ya zamani kwenye simu zao, na hiyo itaendelea kumwaga majibu kwenye daftari lililoko kapuni. Nakala yako itaganda siku uliyonakili, na hakuna kengele itakayolia. Utajua siku mpokeaji anasema kaingiza ndoo sita na wewe huzioni.

Hivyo mpaka Jumamosi, ama uwape wapokeaji kiungo cha fomu mpya, ama waandike kwenye karatasi. Mimi ningechagua karatasi, ni siku chache tu, na kijana akirudisha la asili hutakuwa na sehemu mbili za kuunganisha.

BabaKaliua
Nakubali, ni Dropbox kweli, nimeuliza. Lakini kwani hawezi kuandikia Google warudishe?

mwl_Kasulu
Naingia hapo. Natunza akaunti za shule yetu, tuko kwenye Google Workspace. Mwalimu akimwaga kapu lake, mimi kama msimamizi nina siku 25 za kurudisha kupitia Admin console: natafuta mtumiaji, Restore data, naweka tarehe kuanzia na mwisho. Siwezi kuchagua faili moja, vinarudi vyote vya kipindi hicho, kwake mwenyewe. Siku 25 zikipita hata mimi sina la kufanya. Na tunazo shared drives, ambako faili ni la shule, si la mtu, kapu ni la pamoja, na meneja wake anarudisha bila kumtafuta aliyefuta.

FundiUjiji
Asante mwalimu, ila Gmail ya kijana haina msimamizi juu yake. Akishamwaga kapu, kuna fomu kwenye ukurasa wa msaada wa Drive ya kuomba kurudishiwa. Anaijaza yeye, kwa akaunti yake, kwa sababu ndiye aliyelitengeneza. Katibu akiijaza hawatamsikiliza. Na hata kwake si ahadi, hivyo msiitegemee.

Kuhusu siku: kapu linajimwaga lenyewe baada ya siku 30, tangu alipolitupa, si tangu mlipogundua. Yeye hakumbuki siku, basi chukueni mbaya kabisa: ulilitumia tarehe 5, huenda alilitupa jioni ileile. Leo ni 27, mna siku 8 hivi. Kesho kutwa bado yuko ndani.

KatibuWaMizinga
Nakala ninayo. Nimeijaribu kwa kulinganisha jumla ya deni na picha ya skrini ya mkutano uliopita, ziko sawa. Wapokeaji nimewaambia waandike kwenye karatasi, mmoja kanuna.

KatibuWaMizinga (baada ya siku mbili)
Kijana kashika kompyuta. Kafungua Trash, kabonyeza kulia, Restore, na daftari limerudi kwenye folda yetu na kiungo kilekile, sisi wawili bado tuna ruhusa bila kuombwa upya. Ndani nimekuta ndoo 4 ambazo mpokeaji mmoja alijaza kwa fomu ile siku nilipokuwa nahangaika. Kwenye nakala hazimo. Fundi, ulisema.

Nimemwomba anipe umiliki kabisa. Kaniona kwenye Share, kabadili pale penye Editor, Transfer ownership, nikapata barua nikakubali. Ila fomu bado ni yake, maana nayo ni faili lingine. Anasema atafanya akipata nafasi.

mwl_Kasulu
Dada, na kwa nini umiliki uwe wa Gmail yako binafsi? Ukihama wewe je? Fungueni Gmail ya kikundi.

KatibuWaMizinga
Hiyo tumeijadili. Mweka hazina anauliza nywila atakaa nayo nani, na ukiona kikundi chetu utaelewa kwa nini nimenyamaza. Tunaipeleka kwenye mkutano.

BabaKaliua
Asali mnauza bei gani ndoo ya lita 20?